Sensa Tano na Mstari Uliopinda

Kibaoni iko kusini mwa Hifadhi ya Taifa ya Katavi, kwenye barabara itokayo Mpanda kwenda Sumbawanga, katika Halmashauri ya Mpimbwe, Mkoa wa Katavi. Watanzania wengi walianza kulisikia jina lake kwa sababu ya Mizengo Pinda, mwenyeji wa huko aliyekuwa Waziri Mkuu kuanzia 2008 hadi 2015. Afisa mipango wa sehemu kama hii huulizwa jambo moja kila bajeti inapoandaliwa: tukijenga shule au kuchimba kisima leo, baada ya miaka kumi kitahudumia watu wangapi? Sensa humpa hesabu za miaka iliyopita. Mwaka ujao wa sensa haumo ndani yake, kwa hiyo lazima achore mstari kutoka kwenye nukta alizonazo na kuuendeleza. Sura hii inahusu namna ya kuuchora mstari huo unapokuwa umepinda, na mahali ambapo kalamu inapaswa kusimama.

Kwanza tuanze na nchi nzima, kwa sababu ndiko tulikopewa nukta za kutosha. Tangu Muungano, Tanzania imehesabu watu wake mara sita. Mwaka 1967 walikuwa milioni 12.3; mwaka 1978 milioni 17.5, mwaka 1988 milioni 23.1, mwaka 2002 milioni 34.4, mwaka 2012 milioni 44.9, na mwaka 2022 milioni 61.7. Hiyo ya mwisho tuifiche. Tujifanye tuko mwaka 2013, tuna sensa tano mkononi, na tunatakiwa kubashiri ya sita. Uzuri wa zoezi hili ni kwamba jibu sahihi lipo na halitatuonea haya.

Mtu wa kawaida ataanza na mstari ulionyooka, na hakosei kuanza hapo. Njia ya miraba midogo hutafuta mstari ambao, ukichukua umbali wa kila nukta kutoka kwenye mstari, ukaupandisha kipeo cha pili na kujumlisha, jumla inakuwa ndogo kuliko ya mstari mwingine wowote. Kwa sensa zetu tano, mstari huo unapanda kwa watu milioni 7.2 kila miaka kumi. Kipimo cha R², ambacho husema ni sehemu gani ya tofauti za nukta inaelezwa na mstari, kinatoka 0.977. Wako watakaoona namba hiyo, wafunge daftari na kwenda kunywa chai.

Wangefanya vizuri kutazama masalio kabla ya kuondoka. Salio ni tofauti kati ya hesabu ya kweli na ile iliyosemwa na mstari. Mwaka 1967 sensa iko juu ya mstari kwa milioni 2.0. Mwaka 1978 iko chini kwa milioni 0.7, mwaka 1988 chini kwa 2.3, mwaka 2002 chini kwa 1.1, kisha mwaka 2012 inarudi juu kwa 2.1. Juu, chini, chini, chini, juu. Kama makosa yangekuwa ya bahati nasibu tu, alama zingechanganyika bila mpango. Hapa pembe mbili ziko juu na katikati pako chini, na umbo hilo ndilo la bakuli. Data inapinda na mstari wetu umekataa kupinda. R² haikutuambia hilo kwa sababu karibu kitu chochote kinachopanda kwa miaka 45 kitapata R² kubwa kikipitishiwa mstari unaopanda.

Ubaya wa mstari huu unaonekana zaidi ukiurudisha nyuma. Kwa mwaka 1957 unatoa watu milioni 3.1, ilhali sensa ya Tanganyika ya mwaka huo ilihesabu watu karibu milioni 8.8, na ya Zanzibar ya 1958 ikaongeza kama laki 3. Ukizidi kurudi, mstari unagusa sifuri kwenye mwaka 1953 hivi. Yaani kwa mujibu wake, mwaka ule Julius Nyerere anachaguliwa kuongoza TAA, nchi haikuwa na mtu.

Dawa ya kupinda ni kuongeza kipeo. Badala ya kusema watu wanategemea mwaka peke yake, tunasema wanategemea mwaka na mwaka uliopandishwa kipeo cha pili. Tukiongeza cha tatu tunapata mkunjo mwingine, cha nne mwingine tena. Kipeo kikubwa kuliko vyote ndicho huitwa digrii ya polinomia. Kuna jambo hapa ambalo wanafunzi huliogopa bure: ingawa mchoro umepinda, hesabu yenyewe ni ileile ya mstari. Kompyuta inaona safu moja ya miaka na safu nyingine ya miaka kipeo cha pili, kana kwamba ni vitu viwili tofauti vilivyopimwa, halafu inatafuta uzito wa kila safu kwa miraba midogo ileile.

Tahadhari moja tu ya kazi. Usiiingize miaka ilivyo. Ukipandisha 2012 kipeo cha nne unapata takribani trilioni 16, na safu za ukubwa huo hufanana mno kiasi kwamba kompyuta hupoteza tarakimu katika kuzitenganisha. Toa 1990 kwenye kila mwaka, kisha gawa kwa 10. Mwaka 1967 unakuwa -2.3, mwaka 2012 unakuwa 2.2, na hesabu inatulia. Nitaiita namba hiyo u. Mlinganyo wa digrii ya pili unaotoka ni huu:

watu (milioni) = 24.64 + 7.27u + 0.856u²

Jaribu mwaka 2002, ambapo u ni 1.2: 24.64 na 8.72 na 1.23, jumla 34.6. Sensa ilisema 34.4. Katika sensa zote tano, kosa kubwa kabisa ni watu laki tatu na nusu, na alama za masalio sasa zimechanganyika. Kipande cha tatu cha mlinganyo ndicho chenye habari mpya: kila muongo unaopita, kasi ya ongezeko inazidi ya muongo uliotangulia kwa takribani milioni 1.7, ambayo ni mara mbili ya 0.856.

Hapo tamaa inaanza. Kama digrii ya pili imepunguza makosa kiasi hiki, kwa nini tusipande ya tatu, au ya nne? Ya nne ina vigezo vitano, na sisi tuna nukta tano, kwa hiyo mstari wake utapita katikati ya kila nukta bila kukosa hata mtu mmoja. Makosa sifuri, R² moja kamili. Mstari huo mzuri wa digrii ya nne unasema hivi kuhusu siku za mbele: idadi ya Watanzania itafika kilele cha milioni 72 hivi katika miaka ya 2040, itaanza kushuka, na katika miaka ya 2070 nchi itabaki tupu. Si kwamba umegundua janga lolote. Uzito wa kipeo chake cha nne umetokea kuwa hasi, -0.04 tu, na katikati ya data udogo huo hauonekani. Lakini kipeo cha nne hukua haraka kuliko vyote vilivyo chini yake, hivyo ukishatoka nje ya data chenyewe ndicho kinachoamua kila kitu. Mjerumani Carl Runge alionyesha mwaka 1901 kwamba hata ndani ya data, polinomia za digrii kubwa zinazolazimishwa kupita kwenye nukta zilizopangwa kwa umbali sawa zinaweza kuyumba vibaya karibu na kingo.

Digrii basi haichaguliwi kwa kuangalia jinsi mstari unavyozigusa nukta zilizotumika kuuchora. Inachaguliwa kwa kuangalia unavyoibashiri nukta ambayo haujaiona. Kwa data chache kama zetu, njia ya kufanya hivyo ni rahisi: ficha sensa moja, chora mstari kwa nne zilizobaki, bashiri ile iliyofichwa, andika kosa. Irudishe, ficha nyingine, hadi zote ziishe. Kisha linganisha wastani wa makosa kwa kila digrii.

Nilipoifanya kazi hii, mstari ulionyooka ulikosea kwa wastani wa watu milioni 3.2. Digrii ya pili ilikosea kwa milioni 0.67. Digrii ya tatu ilikosea kwa milioni 0.81. Digrii ya nne haiwezi hata kuingia kwenye mtihani, maana kwa nukta nne haina jibu moja. Kwa hiyo kupanda kutoka ya kwanza hadi ya pili kunalipa sana, na kupanda hadi ya tatu kunaanza kugharimu. Digrii ya tatu ilizigusa nukta zake vizuri zaidi kuliko ya pili, ikabashiri vibaya zaidi. Pa kusimama, basi, ni digrii ya pili. Tofauti ya 0.67 na 0.81 ni ndogo, nakubali, na kwa nukta tano mtu asiape juu yake. Lakini panapokuwa na mashaka, digrii ndogo ndiyo ipewe nafasi, kwa sababu ikikosea hukosea kwa upole.

Lakini wastani ule umeficha jambo ambalo naliona kubwa kuliko uchaguzi wa digrii. Tazama makosa ya digrii ya pili moja moja. Nilipoificha sensa ya 1988, iliyo katikati, mstari ulikosea kwa milioni 0.25. Nilipoificha ya 2012, kosa likawa milioni 0.84. Nilipoificha ya 1967, likafika milioni 1.38. Mlinganyo ni wa digrii ileile na data inatoka nchi ileile. Kilichobadilika ni kwamba 1988 ilikuwa na jirani pande zote mbili, na mstari haukuwa na nafasi ya kwenda mbali, ilhali 1967 na 2012 zilipofichwa mstari ulitakiwa kuruka hadi mahali ambapo hapana kitu cha kuushika. Kujaza pengo katikati ya data na kuvuka ukingo wa data ni kazi mbili tofauti, hata kama kompyuta inazifanya kwa amri moja.

Sasa tufunue sensa ya 2022. Mstari ulionyooka ulibashiri milioni 50.0. Digrii ya pili ilibashiri 56.7, ya tatu 58.3, na ya nne, ile isiyokosea hata nukta moja, 56.2. Ukweli ni 61.7. Zote zilipungukiwa. Mstari wenye R² ya 0.977 ulikosa watu karibu milioni 12, ambao ni takribani sawa na nchi nzima ilivyokuwa mwaka 1967.

Msomaji makini atasema: mwanatakwimu mzuri hatoi namba moja, hutoa na mipaka. Ni kweli, na mipaka nayo niliikokotoa. Kwa digrii ya pili, kipindi cha asilimia 95 cha ubashiri wa mwaka 2022 kinaanzia milioni 53.6 na kuishia milioni 59.8. Sensa ilitoka nje yake. Hili linawashangaza wengi, na halipaswi kuwashangaza. Kanuni ya kukokotoa mipaka hiyo inaanza kwa kudhani kwamba mlinganyo ni sahihi na utaendelea kuwa sahihi. Inachopima ni wasiwasi wa vigezo vya mlinganyo na mtawanyiko wa nukta kuuzunguka mstari tu. Wasiwasi kwamba huenda mwendo wenyewe ukabadilika baada ya nukta ya mwisho haumo katika hesabu. Ndani ya data, kasoro hiyo ingejionyesha kwenye masalio. Nje ya data hakuna masalio ya kuitolea taarifa.

Na mwendo ulibadilika kweli. Kati ya sensa ya 1967 na ya 1978 watu waliongezeka kwa takribani asilimia 3.2 kwa mwaka. Baadaye kasi ikapungua, hadi kufikia asilimia 2.7 kati ya 2002 na 2012. Aliyekaa mwaka 2013 akitazama mfululizo huo alikuwa na kila sababu ya kutarajia 2.7 au chini zaidi. Badala yake, kati ya 2012 na 2022 kasi ilirudi kwenye 3.2. Hata mlinganyo wa ongezeko la asilimia, ambao kwa viumbe vinavyozaliana una mantiki kuliko polinomia yoyote, ungeshindwa: ukiendeleza milioni 44.9 kwa asilimia 2.7 unapata chini kidogo ya milioni 59. Faida yake ni kwamba kamwe hautaiacha nchi bila watu. Polinomia haijui kwamba watu hawawezi kuwa pungufu ya sifuri, wala haijui kwamba mwaka 1900 Watanzania hawakuwa milioni 28.6, kama parabola yetu inavyodai ukiirudisha nyuma kupita kitako chake kilicho mwishoni mwa miaka ya 1940. Parabola lazima ipande pande zote mbili. Hiyo ni tabia ya u², na haina uhusiano wowote na historia ya nchi.

Turudi Katavi tukiwa na haya mkononi. Mkoa huu ulimegwa kutoka Rukwa mwaka 2012. Sensa ya mwaka huo iliukuta na watu 564,604. Miaka kumi nyuma, eneo hilohilo, wakati huo likiwa Wilaya ya Mpanda, lilikuwa na watu takribani 410,000. Chukua nukta hizo mbili, pitisha mstari, na mwaka 2022 unapata watu kama 720,000. Sensa ya 2022 ilihesabu 1,152,958. Ongezeko la asilimia 7.1 kwa mwaka lilikuwa la juu kuliko mikoa mingine yote ya bara. Vizazi peke yake havifikishi kasi hiyo. Watu walihamia: wafugaji wa Kisukuma ambao wamekuwa wakiingia Mpimbwe na mifugo yao tangu miongo kadhaa iliyopita, wakulima wanaotafuta ardhi mpya, wachimbaji wa dhahabu kuzunguka Mpanda. Uzazi una mazoea, na mazoea huweza kuchorwa. Uhamiaji hufuata mvua, malisho, barabara, bei na amri za serikali, na yoyote kati ya hayo inaweza kugeuka ndani ya msimu mmoja.

Sasa tuna nukta tatu, na parabola hupita kwenye nukta tatu zozote bila kosa. Ya Katavi, ikiendelezwa hadi 2032, inatoa watu karibu milioni 2.2. Kabla ya kuipeleka namba hiyo kwenye kikao cha halmashauri, irudishe nyuma kidogo uone imeumbwaje. Kitako chake kiko mwaka 2003. Kabla ya hapo inasema watu walikuwa wakipungua, na kwa mwaka 1988 inaipa Mpanda peke yake watu 920,000. Mkoa mzima wa Rukwa, ikiwemo Mpanda, Sumbawanga na Nkasi, ulihesabiwa mwaka huo kuwa na watu wapatao 700,000. Mlinganyo unaodai wilaya moja ina watu wengi kuliko mkoa wake hauna haki ya kuaminiwa upande wa pili wa data, hata kama namba ya upande huo inaonekana ya busara. Kipimo hiki cha kurudi nyuma ni cha bei nafuu na nakipenda sana. Mbele hakuna wa kukusahihisha leo, lakini nyuma mara nyingi kuna sensa ya zamani iliyokaa kabatini.

Afisa mipango hana anasa ya kusema hajui, kwa sababu shule itajengwa au haitajengwa. Anachoweza kufanya ni kuweka mezani mistari kadhaa badala ya mmoja. Kama ongezeko la watu 588,000 la muongo uliopita litajirudia lilivyo, mwaka 2032 Katavi itakuwa na watu milioni 1.74. Kama asilimia 7.1 itaendelea, itakuwa na zaidi ya milioni 2.3. Kama wimbi la wahamiaji litatulia na mkoa ukafuata kasi ya taifa ya asilimia 3.2, watakuwa milioni 1.6 hivi. Pengo kati ya makadirio ya juu na ya chini ni zaidi ya watu laki saba, na pengo hilo ndilo taarifa ya kweli zaidi kati ya zote. Linasema majengo yapangwe kwa awamu na kiwanja kiachwe kikubwa.

Ofisi ya Taifa ya Takwimu yenyewe, inapotoa makadirio ya miaka ijayo, haiendelezi polinomia. Huwagawa watu kwa umri na jinsi, ikawaongeza kwa vizazi, ikawapunguza kwa vifo, na kuwahamisha kwa viwango vya uhamiaji, kila kimoja kikiwa na dhana yake iliyoandikwa wazi ili ibishaniwe. Kwa kata ya Kibaoni, ambako takwimu za kina hivyo ni adimu, kuna kitu kinachoweza kufanyika kila mwaka bila kungoja sensa: kulinganisha mstari uliochorwa na idadi ya watoto walioandikishwa darasa la kwanza, na idadi ya watoto wachanga waliopata chanjo ya kwanza kwenye zahanati. Madaftari hayo hayahesabu watu wote, lakini yakianza kuachana na mstari miaka miwili mfululizo kuelekea upande mmoja, mstari urekebishwe mwaka huohuo.